Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: ufeministi, mlango wa nyumba na uraia

Darasa letu la kusoma hukutana Sinza kila Jumamosi jioni. Msimu huu tunasoma namna wanafeministi walivyoikosoa nadharia ya siasa, na kila anapoingia mtu mpya maswali yanarudi yaleyale, ndiyo maana nimeyaandika. Majibu hayalingani urefu. La shauri la Bi Hawa, kesi ya mgawanyo wa mali baada ya talaka, ndilo refu kuliko yote, na ukiwa na haraka anzia hapo.

Mnaposema "hadhara na faragha" mnamaanisha nini hasa?

Tunamaanisha mstari ambao wanafalsafa wa siasa wameuchora mlangoni mwa nyumba. Nje ya mlango kuna siasa: watu sawa wanabishana, wanatunga sheria, wanapeana haki. Ndani kuna mapenzi, watoto, chakula na desturi, na huko neno "haki" linaonekana kama limepotea njia.

Mstari huo ni wa kale. Kwa Aristotle, raia ni yule anayeshiriki kutawala na kutawaliwa, na anayepata nafasi hiyo ni mwanamume huru ambaye nyumbani kwake wapo mke, watoto na watumwa wa kufanya kazi. Yaani mtu anafika uwanjani kujadili mambo ya mji akiwa ameshakula, na nguo zimeshafuliwa. Swali la nani alipika halimo kwenye ajenda.

Wanafeministi hawasemi kwamba nyumba na bunge ni kitu kimoja. Wanachosema ni kwamba mstari huu haukuchorwa na maumbile. Umechorwa na sheria, na aliyeuchora alikuwa na faida yake.

Lakini John Locke alimpinga mfalme na kutetea uhuru wa kila mtu. Kosa lake liko wapi?

Kosa lake linajificha kwenye ushindi wake. Mwishoni mwa karne ya 17 mwanafalsafa huyo wa Kiingereza alikuwa akiyajibu maandishi ya Robert Filmer, aliyedai kwamba mfalme anatawala kama baba anavyotawala watoto. Locke akajibu kwamba mamlaka ya baba ni jambo moja na mamlaka ya siasa ni jambo jingine. Watoto wakikua wanakuwa huru, na mtu huru hatawaliwi bila ridhaa yake. Hoja safi, na mpaka leo tunaitegemea.

Alipofika kwa mume na mke, Locke alikiri kwamba wanaweza kutofautiana, na kwamba lazima uamuzi wa mwisho uwe na mwenyewe. Kisha akampa mume, kwa sababu eti ndiye mwenye uwezo na nguvu zaidi. Angalia alivyofanya. Kwa mfalme alidai ridhaa, kwa mume akaridhika na misuli.

Mwananadharia wa siasa Carole Pateman aliishika nukta hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu kile alichokiita mkataba wa kijinsia. Anasema hadithi ya mkataba wa kijamii tunasimuliwa nusu tu. Wana wanampindua baba na kugawana madaraka kwa usawa, na usawa wao wanauita udugu. Nusu isiyosimuliwa ni kwamba pamoja na madaraka ya nchi walirithi pia madaraka ya baba juu ya wanawake. Faragha ilizaliwa siku ileile na demokrasia.

Hapo darasani kwetu huwa pana kicheko kidogo. Neno la Wafaransa la udugu ni la kiume waziwazi, ila "ndugu" ya Kiswahili haichagui, na enzi za Ujamaa mwanamke na mwanamume wote waliitwa Ndugu Fulani mkutanoni. Mzee mmoja alituambia, "Tuliitana ndugu mpaka mkutano ulipoisha. Baada ya hapo, ndugu wa kike wakaenda kuosha vyombo."

Hii si hadithi ya Wazungu? Nyumba zetu hazifanani na zao.

Ni swali zuri, na wapo wanazuoni wa Kiafrika waliolisimamia kwa nguvu. Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, kwa mfano, aliandika mwaka 1997 kwamba miongoni mwa Wayoruba wa kale umri ndio uliopanga nani yuko juu ya nani, na kwamba jinsia kama ngazi ya madaraka ililetwa na ukoloni. Hoja yake ina wapinzani, ila inatuzuia kubeba ramani ya London na kuibandika Magomeni.

Chukua nyumba ya Kiswahili yenyewe, ile ya vyumba sita ya Kariakoo au Ilala. Mbele kuna baraza, katikati korido, nyuma ua. Barazani wanaume wanacheza bao na kuichambua serikali, kwa hiyo mgeni atasema hapo ndipo hadharani. Uani wanawake wanapika, basi atasema hapo ni faraghani. Lakini ua huo una wapangaji wa vyumba sita wasio na undugu, na humo panapigwa hesabu za upatu, panasuluhishwa ugomvi, na habari ya mtaa inafika kabla haijafika barazani. Siri ya mtungi muulize kata.

Siasa ya nchi hii ilipita hapo pia. Mwaka 1955, TANU ilipoanzisha sehemu ya wanawake, aliyepewa kazi ni Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba hapa Dar es Salaam. Hakuanza na wanawake wenye vyeti vya shule. Alipita kwenye vikundi vya ngoma na kwa wauza pombe, mitandao ambayo tayari ilikuwa na viongozi, michango na nidhamu yake. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji wanawake wale miaka ya 1980, anasema kuwaona kama watu waliofuata tu siasa ya wanaume ni kukosea, kwani utaifa ule wao nao waliujenga.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo na hapana. Katika maisha ya watu mstari haujawahi kunyooka hapa kwetu. Kwenye vitabu vya sheria ulinyooshwa, na tunaishi chini ya vitabu hivyo.

Shauri la Bi Hawa ni lipi, na kwa nini mnalirudia kila wiki?

Kwa sababu ndani yake unaona nadharia nzima ikibishaniwa na watu waliokuwa wakigombea nyumba.

Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu waliachana baada ya ndoa ya miaka kadhaa. Mume alikuwa na ajira, mke alikuwa mama wa nyumbani. Ndani ya miaka hiyo mume alinunua nyumba kwa fedha zake. Talaka ilipotoka, mke akaomba sehemu ya mali. Mahakama ya Mwanzo ikamwambia hana fungu, kwani alikuwa mke tu na nyumba imenunuliwa kwa fedha za mume. Mahakama Kuu ikakubaliana na hilo. Shauri likafika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1983 Jaji Mkuu Francis Nyalali akaandika hukumu ambayo wanafunzi wa sheria huijua hata usingizini.

Ubishi wote ulikuwa juu ya neno moja. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inairuhusu mahakama kugawa mali ambayo wanandoa wameipata kwa juhudi zao za pamoja. Katika kugawa, inaitaka iangalie kila mmoja alichangia kiasi gani, kwa fedha, mali au kazi. Sasa, kazi ni nini? Kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni kazi kwa maana ya kifungu hicho, au ni mambo ambayo mke anayafanya kwa kuwa ni mke?

Kabla ya hapo majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika. Kundi moja lilisoma kwa macho membamba: mchango ni ule unaogusa mali moja kwa moja, kama kutoa fedha au kubeba tofali. Mke anayepika anatimiza wajibu wa ndoa, na wajibu hauzai mali. Kundi jingine lilisoma kwa upana.

Mahakama ya Rufani ikachukua upana. Hoja yake inaeleweka bila kusoma sheria: ustawi wa familia ni sehemu ya shughuli za kiuchumi za mtu mwenye familia, kwa hiyo anayechangia ustawi huo amechangia pia kupatikana kwa mali. Mume aliweza kuweka fedha pembeni kwa sababu kuna mtu aliyefanya maisha ya nyumbani yaende.

Rudi kwa Aristotle sasa. Raia wake alifika uwanjani akiwa ameshakula, na hakuna aliyemuuliza kapikiwa na nani. Mwaka 1983 mahakama ya Dar es Salaam iliuliza swali hilo.

Kwa hiyo Bi Hawa alipata nyumba?

Hapana, na watu wengi wanaoinukuu hukumu hiyo hawafiki ukurasa huo.

Ilithibitika kwamba mume aliwahi kumpa fedha za kuanzisha mradi wa familia, na mahakama ikaona kwamba mke alizitapanya. Kwa mantiki ileile ya mchango, ikasema ameharibu mchango wake mwenyewe, na hapakuwa na cha ziada cha kumpa. Kanuni ikashinda, mwenye kesi akaondoka mikono mitupu.

Mimi huona hapa ndipo panapofundisha zaidi. Kazi ya nyumbani ilivushwa mlango na kuingia hadharani, lakini ilipofika ilipimwa kwa mizani iliyokuwa inasubiri pale, mizani ya biashara. Fedha za mradi zilihesabika, shilingi kwa shilingi. Miaka ya kupika na kufua haikuwa na risiti. Mahakama za baadaye zimesisitiza kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi. Kisheria ni sawa, ila nani anatunza ushahidi wa uji wa asubuhi? Wakili mmoja mwanamke aliyewahi kutuzuru alisema yeye huwaambia wateja walete majirani wa uani. Jirani ndiye daftari.

Tena sheria hiyohiyo inavuta pande mbili. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyoandikishwa kwa jina la mwanandoa mmoja itachukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hati nyingi za viwanja zina jina la nani, unajua. Kifungu cha 63 kinamtwika mume wajibu wa kumtunza mke, na mke anakuwa na wajibu kama huo pale tu mume asipojiweza. Sheria yenyewe imeandika kwamba mmoja ni mleta riziki na mwingine ni mtunzwaji. Halafu siku ya talaka mtunzwaji anaulizwa alileta nini.

Mwanafalsafa Susan Moller Okin alieleza mtego huo mwaka 1989. Msichana anapangiwa maisha kwa kutarajia kwamba atatunza nyumba, kwa hiyo anaacha shule au kazi mapema. Kwa kuwa ameacha, kipato chake ni kidogo, na kwa kuwa ni kidogo, inaonekana busara yeye ndiye abaki nyumbani. Mwisho wa safari ndiye ambaye kuondoka kutamgharimu zaidi, na katika kila mabishano ya ndani mwenye kuumia zaidi akiondoka ndiye anayenyamaza kwanza. Okin alikuwa akimjibu mwanafalsafa mwenzake John Rawls, ambaye mwaka 1971 aliwafikiria watunga kanuni za haki kama wakuu wa familia na hakuuliza kama ndani ya familia zenyewe kuna haki. Sisi tungesema wakuu wa kaya.

Mnataka serikali iingie mpaka chumbani?

Serikali imo chumbani siku nyingi. Ndiyo inayoamua nani ameoana na nani. Hata mkikaa pamoja bila ndoa miaka miwili na watu wakawaona kama mke na mume, sheria inadhani mmeoana, mpaka mwenye kupinga alete ushahidi.

Swali la haki ni pale inapokaa kimya, inamnyamazia nani. Sheria ya Ndoa inasema katika kifungu cha 66 kwamba mwanandoa hana haki ya kumchapa mwenzake. Hapo mlango ulifunguliwa tangu 1971. Lakini Kanuni ya Adhabu, kwa namna ilivyoandikwa upya kupitia sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, inaeleza kosa la kumbaka mwanamke mtu mzima kwa kumtoa mke, isipokuwa kama ametengana na mumewe. Mwili uleule, chumba kilekile: kofi ni jambo la sheria, tendo la nguvu ni mambo ya ndani. Ukiambiwa mstari wa faragha ni wa maumbile, uliza kwa nini umepinda hapo.

Kuna tofauti kati ya faragha ya mtu na faragha ya nyumba. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu heshima ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake. Inamtaja mtu. Wanafeministi wengi wanaitaka faragha hiyo kwa nguvu zote: barua zangu, mwili wangu, imani yangu. Wanachokataa ni faragha inayomfunika mmoja na kumwacha mwingine bila pa kukimbilia.

Uraia unaingiaje hapa? Pasipoti haina jinsia.

Anza na sarufi. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Sasa isome Sheria ya Uraia ya 1995 ukiwa na vitenzi hivyo viwili mkononi.

Tuseme kuna kaka na dada, wazaliwa wa Temeke. Kaka anamwoa msichana wa Mombasa. Dada anaolewa na kijana wa Malawi. Kwa kifungu cha 11, wifi wa Mombasa anaweza kuomba uraia kwa sababu tu ameolewa na raia, wakati wowote mumewe akiwa hai. Shemeji wa Malawi hana mlango huo. Anapita njia ya mgeni yeyote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema na kadhalika. Kaka amemwambukiza mkewe uraia. Dada ana uraia uleule, lakini wake hauambukizi.

Watu husema, "Basi aliyeonewa ni yule mwanamume wa Malawi." Kijuujuu ndiyo. Lakini mwenye haki iliyopungua ni dada. Sheria inadhani kwamba mke humfuata mume, kwa hiyo raia wa kike akiolewa na mgeni, sheria inamtazama kama mtu anayeondoka. Na yule wifi naye si kwamba kapewa zawadi. Mlango wake umebandikwa jina la mumewe, na mtu mzima anayepewa uraia wa Tanzania anatakiwa kuuacha wa kwao.

Kwa watoto sheria hii ilirekebisha mambo: baba au mama akiwa raia inatosha. Ndiyo maana nimetumia mfano wa wenzi, kwani hapo ndipo mstari ulipobaki.

Hakuna aliyewahi kupinga sheria kama hizo mahakamani?

Yupo, Botswana. Unity Dow, wakili, raia, aliolewa na Mmarekani. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kabla ya ndoa, akawa raia. Wawili waliofuata walizaliwa ndani ya ndoa na chini ya sheria ya 1984, nao wakawa wageni katika nchi ya mama yao, kwa sababu ndani ya ndoa uraia ulipita kwa baba. Kwa maneno mengine, kuolewa ndiko kulikompunguzia uraia. Mahakama Kuu ilimpa ushindi 1991, na ya Rufani ikauthibitisha 1992. Serikali ilijitetea kwa desturi, na mahakama ikajibu kwamba desturi haiko juu ya katiba.

Si rahisi tu? Wapeni wanawake haki zilezile za wanaume, yaishe.

Pateman alionyesha kwa nini haiishi, akaita tatizo hilo kwa jina la Mary Wollstonecraft, aliyeandika kutetea haki za wanawake mwaka 1792. Ukidai uraia ukisema "mimi ni sawa na mwanamume," utapewa uraia ulioshonwa kwa kipimo cha mtu asiye na mtoto mgongoni. Ukidai ukisema "mimi ni mama, na malezi nayo ni huduma kwa taifa," utajibiwa kwamba malezi hayakuwahi kuhesabiwa kuwa kazi ya raia. Ukienda kulia unakwama, ukienda kushoto unakwama.

Bi Hawa alikwama katikati ya njia hizo. Darasani tumeshindwa kukubaliana ni ipi bora. Wengi wetu tunaelekea kufikiri kwamba kipimo cha raia ndicho cha kubadilishwa: kila mtu, mwanamume akiwemo, ahesabiwe kuwa anatunzwa na anatunza. Namna ya kuiandika hiyo kwenye kifungu cha sheria, hapo ndipo tunapochelewa kurudi nyumbani.

Na dada wa kazi je?

Asante. Hili mara nyingi huulizwa kwa sauti ndogo na mtu aliyekaa nyuma. Wanawake wengi wa Dar waliofika ofisini wamefika kwa sababu msichana kutoka mkoani amebaki na mtoto. Yeye uani kwake ni mahali pa kazi, na chumba anacholala ni cha mwajiri. Nyumba ileile ni faragha kwa mmoja na kiwanda kwa mwingine. Nadharia ya mume na mke peke yao haimwoni, na vitabu vingi tunavyosoma vina kasoro hiyo.

Wanaume wanaruhusiwa kuja?

Karibuni sana. Chai hupikwa kwa zamu, na orodha ya zamu imebandikwa ukutani. Wapo ambao wiki yao ikifika hupata safari ya ghafla.